Kodi ya Mdosi

Januari 2021 nilikuwa nafanya shifti ya usiku kwa kampuni moja ya kuoka mikate hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kreti zikiingia kwenye lori. Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka wa pili, nikisomea uchumi, karo ikiwa imetushinda nyumbani. Usiku mmoja meneja alitukusanya kando ya oveni akatusomea karatasi. Ilisema kwamba kwa kuwa serikali imerudisha kodi ya kampuni palipokuwa, mwaka huo hakutakuwa na nyongeza ya mshahara.

Tulinyamaza. Kisha mzee mmoja wa oveni, ambaye sote tulimwita Guka, akainua mkono kama mtoto darasani.

“Na ilipopunguzwa mwaka jana, sisi tulipata ngapi?”

Meneja alicheka, si kwa ubaya. “Guka, kodi ya kampuni si ya kampuni. Kampuni ni karatasi tu. Hiyo kodi ni yenu nyinyi, na ya wale wananunua mkate.”

Guka alirudi kwa oveni yake. Mimi nilirudi kwa kreti zangu, lakini hilo jibu lilinikwama. Nimelisikia tena mara nyingi tangu siku hiyo. Kila Juni, Mswada wa Fedha ukisomwa, kuna mtu wa suti kwenye runinga anayelisema kwa Kiingereza safi: ukitoza kampuni, umemtoza mwananchi. Nataka kusema kwa nini jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kwa nini nusu iliyofichwa ndiyo inayotuhusu sisi tunaolipwa kwa siku.

Kwanza tukumbuke kilichotokea. Aprili 2020, Korona ikiwa imefunga kila kitu, serikali ya Kenya ilishusha kodi ya mapato ya kampuni kutoka 30% hadi 25%. Tarehe 1 Januari 2021 ikairudisha 30%. Kwa hiyo Guka alikuwa anauliza swali la haki kabisa. Kama kodi ikipanda inatoka mfukoni mwangu, basi ikishuka inafaa kurudi mfukoni mwangu. Huwezi kuwa mwenzangu wakati wa hasara pekee.

Sasa nimpe meneja haki yake. Ni kweli kampuni si mtu. Haina tumbo, hailali njaa. Shilingi ikitoka kwa kampuni kwenda KRA, lazima kuna binadamu fulani amebaki na shilingi moja pungufu. Binadamu hao wako wa aina tatu: mwenye hisa aliyepata mgao mdogo, mfanyakazi aliyelipwa kidogo, au mteja aliyelipa bei ya juu. Hakuna mchumi anayekataa hilo.

Ujanja uko kwenye hatua inayofuata. Mtu anaanza na “lazima kuna binadamu analipa”, halafu kwa haraka ya ajabu anafika kwa “na binadamu huyo ni wewe”. Kwani mwenye hisa si binadamu? Amerukwa wapi? Hapo ndipo wachumi wenyewe wamebishana kwa zaidi ya miaka 60, na hawajamaliza.

Tuanze na bei, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudhani mambo ni rahisi. Kodi imepanda, mdosi anaongeza bei, kwisha. Chukua kampuni ya mkate ya kubuni. Kila mkate unaigharimu 50 bob: unga, hamira, stima, mishahara, mafuta ya lori. Ikiuza kwa 60, inauza mikate 10,000 kwa siku na kupata faida ya 100,000. Ikiuza kwa 65, wateja wengine wanahamia kwa chapati na mandazi, inauza 8,000, lakini faida ni 120,000. Ikijaribu 70, inabaki na mikate 5,500 na faida ya 110,000. Mdosi mwenye akili atachagua 65.

Sasa mlete mtoza ushuru achukue 30% ya faida. Kwa bei ya 60 mdosi anabaki na 70,000. Kwa 65 anabaki na 84,000. Kwa 70 anabaki na 77,000. Bei bora bado ni 65. Shusha kodi iwe 25%, na bado ni 65, isipokuwa sasa mdosi anabaki na 90,000 badala ya 84,000. Hizo 6,000 za kila siku zimeingia kwa mwenye kampuni. Mteja hajaguswa, mfanyakazi hajaguswa.

Sababu yake si siri. Kodi ya faida inakata kipande cha kile kilichobaki baada ya gharama zote kulipwa. Kama tayari umechagua bei inayokupa keki kubwa kuliko zote, kukatwa theluthi ya keki hakukufanyi utamani keki ndogo. Mdosi anayesema “nitaongeza bei kwa sababu ya kodi hii” anapaswa kuulizwa: kama bei ya juu ingekuletea faida zaidi, ulikuwa unangoja nini jana?

Linganisha na kodi inayokata mauzo. Mwaka huo huo wa 2021 serikali ilijaribu kitu kilichoitwa kodi ya kima cha chini: 1% ya mauzo yote ya kampuni, iwe imepata faida au imekula hasara. Mahakama Kuu iliitupa Septemba 2021 ikisema inakiuka Katiba. Hiyo ni mnyama tofauti. Rudi kwa mkate wetu. Kodi ya mauzo inamuumiza zaidi anayeuza mingi kwa bei nafuu, kwa hiyo inamsukuma mdosi kuelekea bei ya juu. Kwa 1% bado angebaki 65, ingawa faida ya 65 juu ya ile ya 70 ingepungua kutoka 10,000 hadi 8,650. Ipandishe hadi 8%, na 70 inashinda: 79,200 dhidi ya 78,400. Hapo mteja amelipa kweli. Kwa hiyo mtu akikuambia “kodi za kampuni huishia kwa bei”, muulize kodi gani. Ya mauzo na ya faida hazitembei njia moja, hata kama zote zinaitwa mzigo wa biashara.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningemshtaki meneja wetu kwa uongo na kwenda zangu. Lakini haiishii hapo, na lazima niwe mkweli hata pale ukweli hauniletei shangwe.

Mfano wangu ulikuwa wa leo na kesho. Oveni ziko, lori ziko, swali ni bei tu. Ngoja miaka michache oveni izeeke. Mdosi ana milioni 10 mkononi. Anaweza kununua oveni mpya, au anaweza kuikopesha serikali kupitia bondi ya miundombinu, ambayo riba yake hapa Kenya kwa kawaida haitozwi kodi. Tuseme bondi inalipa 14%. Hiyo ni milioni 1.4 kwa mwaka akiwa amelala. Oveni nayo, baada ya kutoa kila gharama pamoja na uchakavu, ingeleta milioni 1.8. Bila kodi, oveni inashinda. Kwa kodi ya 30%, oveni inabaki na milioni 1.26, na bondi inashinda. Ili oveni ilingane na bondi, lazima ilete milioni 2 kamili kabla ya kodi.

Kwa hiyo oveni hainunuliwi. Hakuna aliyepandisha bei kwa hasira wala aliyefukuzwa. Ni ile tu kwamba shifti ya pili haikuzaliwa. Mikate mjini ni michache kuliko ambavyo ingekuwa, kwa hiyo bei inajikokota juu polepole. Wafanyakazi wanatumia oveni ya zamani, kila mmoja anatoa mikate michache kwa saa, na mfanyakazi anayetoa kidogo ana nguvu ndogo ya kudai mshahara. Kodi imemfikia Guka bila mtu yeyote kumpelekea. Hii ndiyo njia halisi ambayo mzigo hushuka. Inachukua miaka, na haionekani kwenye karatasi yako ya mshahara.

Hata hapa kuna breki. Sheria yetu huruhusu kampuni ikate nusu ya bei ya mashine ya kutengenezea bidhaa kwenye hesabu zake za mwaka wa kwanza, na riba ya mkopo wa biashara kwa kawaida huhesabiwa kama gharama. Kadiri unavyoruhusu oveni ikatwe mapema, ndivyo kodi inavyoacha kuikaba oveni mpya na kubaki kwenye faida ya ziada, ile inayotokana na kutawala soko, kuwa na leseni ambayo wengine hawana, au kukaa kona nzuri. Faida ya namna hiyo ukiikata, oveni hainunuliwi pungufu hata moja. Shika tofauti hiyo, kwa sababu nusu ya ugomvi wa wachumi iko pale.

Mtu aliyeuwasha ugomvi huo kwa hesabu ni Mmarekani, Arnold Harberger, katika makala ya 1962. Aliichora Marekani kama nchi yenye ukuta: mtaji hauingii wala hautoki. Ndani ya ukuta kuna kampuni zinazotozwa kodi hii, na kuna biashara nyingine, kama kilimo na nyumba za kupangisha, ambazo hazitozwi. Ukitoza kampuni, pesa zinakimbia kutoka huko kwenda kwa mashamba na nyumba. Zikijaa huko, faida ya huko nayo inashuka, hadi pande zote mbili zilingane. Kwa hiyo aliyeumia si mwenye hisa peke yake bali kila mwenye mtaji, hata landilodi ambaye hajawahi kumiliki hisa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba wenye mtaji wanabeba karibu mzigo wote.

Kisha wachumi wakabomoa ukuta. Wakasema, chora nchi ndogo ambayo mtaji unaweza kuihama wakati wowote. Mwekezaji hatakubali kupata pungufu kuliko anachopata kwingine. Ukimtoza, ataondoka hadi wale waliobaki walipwe kiasi kile kile baada ya kodi. Nani hawezi kuondoka? Mfanyakazi na shamba. Basi hao ndio wanaobeba. Harberger mwenyewe, miaka ya baadaye, alikubali kwamba katika dunia ya milango wazi mfanyakazi anaweza kubeba sehemu kubwa sana.

Ona kilichobadilika. Hesabu ni ile ile. Kilichohama ni dhana moja kuhusu mlango, na jibu limepinduka kutoka “mwenye mtaji analipa yote” hadi “mfanyakazi analipa yote”. Ndiyo maana ukisikia mchumi anatoa asilimia kwa kujiamini, kitu cha kwanza cha kuuliza ni mlango wake aliuacha wazi kiasi gani.

Kwa kuwa nadharia inaweza kukupeleka popote, watu walienda kutafuta ushahidi, na Ujerumani ikawa mahali pazuri pa kutafuta. Kule, pamoja na kodi ya taifa, kila mji na kila kijiji kinatoza biashara zake kodi ya faida, na kinajipangia kiwango. Namna ya kuhesabu faida ni moja nchi nzima, kinachotofautiana ni kiwango tu. Ni kama maabara yenye maelfu ya majaribio. Clemens Fuest, Andreas Peichl na Sebastian Siegloch walichukua miaka 20 ya mabadiliko hayo, wakayaweka kando ya rekodi za mishahara, wakalinganisha miji iliyopandisha kodi na ile ambayo haikupandisha. Walichapisha mwaka 2018. Jibu lao: kati ya kila euro ya mzigo, karibu nusu ilitoka kwa mishahara.

Hiyo nusu ndiyo watu wa suti hupenda kunukuu. Wanaishia hapo. Lakini endelea kusoma, kwa sababu utamu uko mbele. Walioumia zaidi walikuwa wafanyakazi wasio na ujuzi mkubwa, vijana, na wanawake. Na katika kampuni kubwa sana, au zenye matawi sehemu nyingi, au zinazomilikiwa na wageni, athari kwa mishahara haikuonekana. Yaani kampuni inayoweza kuhamisha faida yake kwenye vitabu vya tawi lingine haikumkata mfanyakazi kwa sababu ya kodi ya mji, kwa kuwa yenyewe haikuibeba vizuri tangu mwanzo. Mzigo ulikaa kwenye kampuni ya kawaida ya pale mtaani, na ndani ya kampuni hiyo ukamshukia yule mwenye nguvu ndogo zaidi ya kusema hapana.

Mimi niliposoma hayo niliona shifti yetu ya usiku. Ila siwezi kuichukua hiyo nusu ya Ujerumani na kuibandika Nairobi, na wewe usikubali mtu aibandike. Kuhama kutoka mji mmoja wa Ujerumani hadi wa jirani ni safari ya dakika 20. Kuihama nchi ni jambo lingine. Kodi ya mji ina mlango mpana kuliko kodi ya taifa, kwa hiyo inamfikia mfanyakazi kwa urahisi zaidi.

Upande wa wateja nao ulipuuzwa kwa muda mrefu. Ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani, ikigawa mzigo huu, huweka 75% kwa wenye mtaji na 25% kwa wafanyakazi. Wizara ya Fedha ya serikali hiyo hiyo imekuwa ikiweka 82% na 18%. Mteja hayupo kwenye mgawo wowote kati ya hizo mbili. Lakini mwaka 2020 watafiti watatu, Scott Baker, Stephen Teng Sun na Constantine Yannelis, walifuata bei za bidhaa moja moja za dukani Marekani, wakiangalia kodi za kampuni katika majimbo yanakotengenezwa. Walikadiria kwamba karibu 31% ya mzigo ilimfikia mteja, na kwamba bei zilipanda zaidi kwenye bidhaa za bei ya chini, zile zinazonunuliwa na watu wa kipato kidogo. Kwa hiyo mfano wangu wa mkate wa 65 ni sahihi kama hesabu, lakini dukani kuna mambo ambayo hesabu hiyo haikuyaona: mtaji kuhama, washindani kufunga, kampuni ambayo haikuwa imekamua soko hadi tone la mwisho. Nimekubali. Mtu anayepinga lazima aweze kukubali.

Sasa turudi kwa swali la Guka, kwa sababu Marekani ililijaribu kwa ukubwa ambao sisi hatuwezi. Kuanzia Januari 2018 walishusha kodi ya kampuni kutoka 35% hadi 21%. Mwaka uliotangulia, wachumi wa Ikulu yao walikuwa wameahidi kwamba kipato cha familia ya wastani kitapanda angalau dola 4,000 kwa mwaka. Ilikuwa hoja ya meneja wetu ikiwa imevaa tai: kodi hii ni yenu, kwa hiyo tukiipunguza pesa ni zenu. Siasa iliingia hadi kwenye makabati. Mwaka huo wa 2017 Wizara yao ya Fedha iliondoa kwenye tovuti yake utafiti wa wachumi wake yenyewe wa 2012, uliosema sehemu kubwa ya mzigo iko kwa wenye mtaji.

Kisha kundi la watafiti likiongozwa na Patrick Kennedy lilifungua rekodi za kodi zenyewe. Walilinganisha kampuni zilizopata punguzo na kampuni zinazofanana nazo ambazo kisheria hazilipi kodi hiyo. Punguzo halikuwa bure: kampuni zilizopunguziwa ziliwekeza zaidi na kuajiri zaidi. Oveni zilinunuliwa, kwa lugha yetu. Lakini mishahara? Ndani ya kampuni, wale 90% wa chini hawakuona mabadiliko. Waliopanda ni 10% wa juu, na mabosi wakubwa hasa.

Kwa hiyo Guka alikuwa ameuliza kitu ambacho hata watu wenye kompyuta za serikali walihitaji miaka kukijibu. Ikipunguzwa, sisi tulipata ngapi? Kwa Marekani, kwa mtu wa shifti ya usiku: sifuri, angalau kwa miaka waliyoipima.

Hapo mtu atanikatiza. Ujerumani kodi inapanda na mshahara wa kijana unashuka, Marekani kodi inashuka na mshahara wa kijana haupandi. Nani anadanganya? Hakuna. Ujerumani walipima kodi za miji, wengi wao biashara za kawaida, kwa miaka mingi. Marekani walipima kodi ya taifa, kwa miaka michache. Mlango tofauti, saa tofauti, faida ya aina tofauti. Ukitaka jibu moja la dunia nzima utabaki unabishana hadi uzeeke. Hilo jibu halipo, kwa sababu mgawo wa mzigo si sheria ya asili kama uzito wa jiwe. Unategemea nani anaweza kuondoka, na nani anaweza kugoma.

Na hivyo vitu viwili havishuki kutoka mbinguni. Vinatungwa kwenye sheria. Hii ndiyo nusu ambayo meneja hakuisoma.

Angalia kwetu. Kampuni inayozalisha kwenye eneo la EPZ, ikiuza nje, hupewa miaka 10 bila kodi ya mapato, kisha 25% kwa miaka 10 inayofuata. Hoja ni kwamba inaweza kuhamia Ethiopia au Bangladeshi. Sawa, hoja ina mantiki: ukimtoza mwenye mlango wazi, mshona nguo ndiye anabaki na mzigo. Lakini tukishakubali kwamba mlango ndio unaamua, tuufuate hadi mwisho. Kampuni yenye leseni ya kuhudumia mamilioni ya Wakenya haiwezi kuwapakia wateja wake kwenye kontena iwapeleke Dubai. Benki iliyojaa Moi Avenue haiwezi kuhamisha Moi Avenue. Faida yao ya ziada imefungwa hapa hapa. Kodi juu ya faida hiyo, ikikatwa baada ya kuruhusu gharama za mashine, ina njia chache sana za kunifikia mimi. Basi watu wao wanaposimama mbele ya kamati ya Bunge na kulia kwa niaba yangu, kwamba ni mimi nitakayeumia, ninaomba waache kunitumia kama ngao. Waseme wanalia kwa niaba ya wenye hisa. Si dhambi. Ni hisa zao.

Na biashara ya kati, kama ile yetu ya mkate, ambayo haina EPZ, haina tawi ng'ambo, na haina soko la peke yake? Hiyo ndiyo inafanana na ile ya Ujerumani. Huko ningekubali kwamba 30% inaweza kutufikia, na kama serikali ingekuwa inatujali ingeanzia hapo: iruhusu oveni mpya ikatwe yote mara moja, na iache kodi kali kwa faida isiyo na pa kukimbilia. Huhitaji kukubaliana na mimi kuhusu kiwango. Kubaliana tu kwamba kodi ya kampuni si kitu kimoja, na anayesema “mtaumia nyote” ameweka kwenye gunia moja watu ambao hawako gunia moja.

Wale wenzangu wa upande wa pili nao niwaguse. Tunapopiga kelele “wakate matajiri” halafu tukadhani hatuwezi kuguswa, tunajidanganya vile vile. Kijana asiye na ujuzi, asiye na chama, anayeandikwa kazi kwa siku, ndiye mtu ambaye mzigo wowote unaoteleza humkuta. Hilo Ujerumani walilipima. Kuna dawa mbili: kodi iliyochorwa ikakaa pale pale ilipolengwa, na mfanyakazi ambaye mdosi hawezi kumsomea karatasi usiku kisha akarudi ofisini bila kuulizwa swali la pili.

Kuhusu sisi, sitasema nimethibitisha chochote. Mwaka 2020 kodi ilishuka, na mauzo yakashuka, na shule zikafungwa, na kafyu ikaanza, yote mwaka mmoja. Inawezekana ile 25% ndiyo iliyozuia baadhi yetu kufutwa. Huwezi kujua kwa kuangalia kampuni moja, na ndiyo maana watafiti huhitaji maelfu ya miji. Lakini naweza kusema tulichoona. Kodi iliposhuka hakuna karatasi iliyosomwa kando ya oveni. Ilipopanda, karatasi ilisomwa ndani ya mwezi mmoja. Na nimekuonyesha kwamba kwa njia ya oveni, mzigo huchukua miaka kushuka. Ukishuka kwa mwezi mmoja, kwa tangazo, hiyo si nguvu ya soko. Ni mtu amekaa chini akaamua nani alipe, na akachagua wale ambao hawangebisha.

Guka alistaafu mwaka uliofuata. Hakuwahi kupata jibu la swali lake kutoka kwa meneja. Mimi nimelitafuta kwa miaka yote hii kwenye makala za watu wenye digrii ambazo mimi sina, na nililolipata ni kwamba swali lilikuwa zuri kuliko jibu aliloambiwa.